Salio Lililo Mwishoni mwa Meseji

Katika wiki ya kwanza ya mwezi, kabla ya madirisha ya malipo kufunguliwa, tawi la benki ninalofanyia kazi mjini Morogoro hunipa dakika kumi na tano za kuzungumza na wateja waliokwisha kuketi ukumbini. Mada haibadiliki: namna ya kuchukua meseji za miamala zilizoingia kwenye simu katika mwezi uliopita na kuzilinganisha na taarifa ya akaunti ya mwezi huohuo, ile ambayo wengi wetu huiita stetimenti. Dakika hizo hazitoshi, na wenye maswali hunifuata mezani. Kwa hiyo nimeona niyaandike hapa ninayoyasema, pamoja na mfano wa hesabu ambao ukumbini hulazimika kuukatisha.

Jambo la kwanza ambalo mteja anahitaji kulielewa ni kwamba meseji na taarifa ya akaunti hazizaliwi mahali pamoja. Meseji hutumwa pale mtambo wa benki unaporuhusu muamala, mara nyingi katika sekunde hiyohiyo mteja anapoondoa kadi kwenye mashine au wakala anapobonyeza kitufe cha mwisho. Taarifa ya akaunti huonyesha yale yaliyoingizwa kwenye vitabu vya benki, na baadhi ya miamala huchukua siku moja, mbili au zaidi kufika huko, hasa ile ya kadi ambayo hupitia benki ya mfanyabiashara kwanza. Aidha, kuna makato ambayo huingizwa vitabuni bila kutumiwa meseji yoyote: ada ya kuendesha akaunti, ada ya huduma ya meseji zenyewe, kodi zake, na pengine rejesho la mkopo. Kwa sababu hiyo, anayetarajia kuona idadi ya meseji ikiwa sawa na idadi ya mistari ya taarifa atashtuka kila mwezi bila sababu, na baada ya kushtuka mara kadhaa ataacha kabisa kulinganisha.

Kuhusu taarifa yenyewe, huwashauri wateja waombe inayoanzia tarehe 1 ya mwezi hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata, kwa sababu yale yaliyofanyika usiku wa siku ya mwisho wa mwezi mara nyingi huandikwa kesho yake. Anayetumia programu ya benki kwenye simu huweza kuipakua mwenyewe kwa tarehe anazotaka. Anayeichukua dirishani aulize kwanza gharama ya kuchapishiwa, kwa kuwa benki hutofautiana. Mwenye kuitumiwa kwa barua pepe ahakikishe kwamba anuani aliyoiandikisha siku ya kufungua akaunti bado anaitumia, na si ile ya duka la intaneti alilosaidiwa na kijana ambaye hata jina lake halikumbuki. Nimekutana na anuani za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Sasa niingie katika kiini cha mazungumzo. Wateja wengi wanaposoma meseji ya benki hutazama kiasi tu: kimetoka kiasi gani, kimeingia kiasi gani. Macho yakishaona kiasi, kidole hufunga meseji. Ninachowasihi ni kwamba sehemu yenye manufaa zaidi wakati wa kulinganisha ni ile inayofuata, yaani salio. Salio la meseji moja, ukiongeza au ukipunguza kiasi cha meseji inayofuata, linapaswa kukupa salio la meseji hiyo inayofuata. Lisipokupa, basi katikati ya meseji hizo mbili kuna kitu kilichotokea ambacho hukuambiwa, na tofauti ya hesabu inakueleza ukubwa wake hasa. Meseji iliyopotea, iliyofutwa, au ambayo haikutumwa kabisa huacha alama yake katika salio la ile iliyofuata.

Mzee mmoja aliwahi kunyoosha mkono na kusema, "Mwanangu, mimi meseji nikishaisoma naifuta. Simu yenyewe ndogo hii, inajaa."

Nikamjibu, "Mzee wangu, huna kosa. Ila kabla ya kuifuta, andika kwenye daftari vitu vitatu tu: tarehe, kiasi na salio. Maneno mengine yote yaache."

Akauliza kama asiandike pia ile namba ndefu ya kumbukumbu. Nikamwambia kwamba namba hiyo itahitajika pale tu palipo na shaka, na palipo na shaka asiifute meseji, hata ikibidi afute picha za harusi.

Hebu tuchukue mteja wa mfano, tumwite Mama Rehema, mwenye duka la vifaa vya shule. Mwezi wa Machi aliuanza akiwa na salio la shilingi 842,000. Tarehe 3 aliweka shilingi 300,000 kwa wakala, na meseji ikamwambia kwamba salio ni 1,142,000. Hapo hesabu iko sawa. Tarehe 7 alitoa shilingi 200,000 kwenye mashine ya kutolea fedha, na meseji ikataja 200,000 zilizotoka na salio la 940,600. Ukitoa 200,000 katika 1,142,000 unapata 942,000. Kwa hiyo zimepungua shilingi 1,400 ambazo meseji haikuzitaja. Kwenye taarifa ya akaunti, chini ya mstari wa `ATM WDL` wa 200,000, kuna mstari mdogo wa 1,400, ambao ni ada ya kutoa fedha pamoja na kodi yake. Tofauti hii imeelezeka. Huwaambia wateja waizoee ada ya kila aina ya muamala katika benki yao, kwa maana mtu akishajua kwamba kutoa fedha kwenye mashine humgharimu 1,400, atatambua mara moja siku atakapokatwa 2,800.

Tarehe 12 mteja wake mmoja alimlipa shilingi 150,000 kwenye akaunti. Meseji ilisema ameingiziwa 150,000 na salio ni 1,077,100. Mama Rehema alifurahi kulipwa na hakuhesabu. Lakini salio la tarehe 7 lilikuwa 940,600, na ukiongeza 150,000 unapata 1,090,600. Zimepungua shilingi 13,500, na kati ya tarehe 7 na tarehe 12 hakuna meseji nyingine yoyote kwenye simu. Ni lini, na kwa nani, fedha hizo zilikwenda?

Jibu liko kwenye taarifa ya akaunti, tarehe 9, katika mistari mitatu iliyofuatana: 4,480, kisha 4,480 tena, kisha 4,540, yote ikiwa ni manunuzi ya mtandaoni kwa kadi, kwa jina la kampuni ambalo Mama Rehema hajapata kulisikia. Viasi hivyo visivyo vya kawaida vinadokeza kwamba bei ilikuwa katika fedha za kigeni, ikabadilishwa kuwa shilingi. Meseji hazikuja kwa sababu akaunti yake iliwekewa kiwango cha chini cha taarifa: muamala wa chini ya shilingi 5,000 hautumiwi meseji. Zipo benki zinazoweka kiwango cha namna hiyo zenyewe, na zipo zinazomwachia mteja achague, naye siku ya kujaza fomu huchagua ili kupunguza ada ya meseji, kisha husahau.

Hapa husimama kidogo, kwa kuwa hiki ndicho kisa ambacho kulinganisha kwa kila mwezi kunakimudu kuliko njia nyingine yoyote. Mtu aliyepata namba za kadi ya mwingine kwa wizi mara nyingi haanzi kwa kuchota fedha nyingi. Hujaribu kwanza kwa kiasi kidogo ili aone kama kadi bado inafanya kazi na kama mwenyewe atashtuka. Kadi ikikubali na mwenyewe akanyamaza, ndipo hurudi kwa kiasi kikubwa, au huziuza namba hizo kwa mwingine zikiwa zimethibitishwa. Kwa hiyo 13,500 ya Mama Rehema si hasara ya kulia, lakini ni sababu tosha ya kufunga kadi siku hiyohiyo. Namba ya simu ya benki iko nyuma ya kadi. Atumie hiyo, na asitumie namba atakayoikuta kwenye matangazo ya mitandaoni. Kadi ikishafungwa, afike tawini ajaze fomu ya kukana miamala, aambatishe taarifa ya akaunti huku ile mistari mitatu ikiwa imezungushiwa kalamu, na asiondoke bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Madai ya kadi yana muda wake: chini ya kanuni za Visa na Mastercard, aina nyingi za madai huwa na dirisha la siku 120, na benki ya mteja inahitaji sehemu ya siku hizo kwa kazi yake yenyewe. Anayelinganisha mara moja kwa mwaka atakuta dirisha la sehemu kubwa ya mwaka limekwisha kufungwa.

Tuendelee na Machi. Tarehe 18 Mama Rehema alikwenda Dar es Salaam kununua bidhaa, akalala katika hoteli moja kubwa ambayo mapokezi yake yaliomba kadi alipokuwa akiingia. Meseji ikaja: shilingi 180,000, salio 897,100. Kwenye taarifa ya akaunti mstari wa 180,000 haupo popote. Uliopo ni wa tarehe 21, wenye jina la hoteli hiyo na kiasi cha 160,000. Watu wengi wakifika hapa huona kwamba benki imechanganya hesabu, na wengine hudhani watadaiwa mara mbili. Kilichotokea ni kwamba hoteli ilizuia 180,000 kama dhamana ya malazi na chakula. Fedha hizo hazikutoka kwenye akaunti, bali zilitengwa zisiweze kutumiwa na mtu mwingine, akiwemo Mama Rehema mwenyewe. Alipoondoka, hoteli ilituma hesabu halisi ya 160,000, nayo ndiyo iliyoingizwa vitabuni, na kizuizi cha 180,000 kikaondolewa.

Ndiyo maana salio la kwenye meseji na salio la kwenye taarifa vinaweza kutofautiana siku ileile, na vyote viwili vikawa vya kweli. Meseji kwa kawaida hutaja kiasi unachoweza kukitumia sasa, baada ya kuondoa vilivyozuiwa. Taarifa hutaja kilichomo vitabuni. Kizuizi kinaweza kudumu kwa siku kadhaa, na mfanyabiashara asipotuma hesabu yake huondoka chenyewe muda wake unapokwisha. Cha kukagua ni viwili tu: je, kiasi cha mwisho ni kile kilichoandikwa kwenye risiti ya hoteli, na je, kizuizi kimeondoka kweli? La pili linaonekana katika meseji inayofuata.

Meseji hiyo iliyofuata ilikuwa ya tarehe 24, na haikuwa ya furaha. Mama Rehema aliomba shilingi 300,000 kwenye mashine, mashine ikaguna kama inahesabu, kisha ikarudisha kadi bila fedha. Simu ikalia papo hapo: zimetolewa 300,000, salio 615,700. Kabla ya kulishughulikia lile la mashine, tazama salio. Kutoka 897,100, ukiondoa 300,000 na ada ya 1,400, ungepata 595,700. Meseji inasema 615,700, yaani shilingi 20,000 zaidi. Hizo ndizo zilizobaki kati ya 180,000 iliyozuiwa na 160,000 iliyolipwa hotelini, na sasa tunajua kwamba kizuizi kimeondoka. Tofauti inayoongeza fedha nayo inastahili maelezo, ingawa ukumbini hakuna anayeiuliza.

Kuhusu mashine iliyokataa kutoa fedha, Mama Rehema alifanya vizuri kutoiondoa meseji na kuandika mahali mashine ilipo na saa ya tukio. Mara nyingi mtambo hugundua wenyewe kwamba fedha hazikutoka na kurudisha kiasi hicho. Pengine hungoja mpaka fedha zilizomo ndani ya mashine zihesabiwe na ziada ionekane, na kama mashine ni ya benki nyingine, ngoja ngoja huwa ndefu zaidi. Kwake zilirudi tarehe 26: meseji ya 300,000 zilizoingia, salio 915,700. Aliona 300,000 zimerudi, akamshukuru Mungu, akaendelea na biashara.

Taarifa ya akaunti ina mistari mitatu kuhusu tukio hili. Tarehe 24 kuna 300,000 zilizotoka, na chini yake 1,400 za ada. Tarehe 26 kuna 300,000 zilizoingia, zikiwa na maandishi `RVSL`, ambayo ni urejesho. Mstari wa nne, wa kurudisha ile 1,400, haupo. Huduma haikutolewa lakini ada yake imebaki benki. Nimeliona jambo hili mara nyingi vya kutosha hata nimelifanya swali la kawaida: palipo na urejesho wa kiasi, tafuta urejesho wa ada. Si lazima pawe na hila. Kiasi na ada huingizwa kama miamala miwili, na anayerekebisha wa kwanza anaweza kuusahau wa pili. Mteja akionyesha mistari hiyo mitatu kwa pamoja, kwa kawaida hahitaji kubishana na mtu. Akisema tu kwa mdomo kwamba "mlinikata", ofisa atahangaika kutafuta ni lini na kwa lipi.

Tarehe 30 ziliingia ada mbili zisizo na meseji, 3,500 za kuendesha akaunti na 1,200 za huduma ya meseji, salio likawa 911,000. Ziko katika orodha ya ada ya benki yake, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kisha kuna hesabu moja ya kufunga mwezi ambayo huwaomba wateja waifanye hata kama wameshapitia kila mstari. Salio la mwanzo, 842,000, ongeza vyote vilivyoingia kwenye taarifa: 300,000, 150,000 na 300,000 za urejesho, jumla 750,000. Toa vyote vilivyotoka, ambavyo vikijumlishwa ni 681,000. Linabaki 911,000, na ndilo salio la mwisho lililoandikwa. Ikiwa hailingani, ama umeruka mstari, ama umepewa taarifa yenye ukurasa uliokosekana. Hili la pili hutokea pale karatasi inapokwama kwenye mashine ya kuchapia.

Ulinganisho huu una mipaka, na ni haki niiseme. Anayeletewa duka­ni meseji ya uongo ya kupokea fedha, akatoa mzigo kwa kuiamini, hataokolewa na taarifa ya mwisho wa mwezi. Itamthibitishia tu kwamba fedha hazikuingia. Meseji ya namna hiyo inaweza hata kuonekana kwa jina la benki, kwa kuwa jina la mtumaji huweza kughushiwa. Dawa yake ni kutazama salio kwenye programu au kwenye menyu ya simu kabla mzigo haujatoka. Vivyo hivyo kwa zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ambazo Watanzania wote tumewahi kuzipokea: hizo hazidai kuwa muamala, kwa hiyo hakuna cha kulinganisha.

La kutisha zaidi ni ukimya. Laini ikikatika ghafla mtandao kwa saa kadhaa ilhali majirani wanaongea na simu zao, huenda mtu amesajili upya namba yako kwenye laini yake, na meseji za benki sasa zinamfikia yeye. Hapo mteja asingoje mwisho wa mwezi wala wa siku. Aende kwa kampuni ya simu na benki kwa pamoja, hata kwa kuazima simu ya jirani. Aliyebadilisha namba kwa hiari yake naye aiarifu benki, kwa sababu namba iliyoachwa muda mrefu hupewa mtu mwingine, na salio lako huanza kusomwa na mgeni.

Ikiwa benki imepokea lalamiko na mteja hakuridhika na majibu, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, lakini itauliza kwanza kama uliwasilisha kwa benki yako na ukapata jibu gani. Ndiyo sababu ya kusisitiza namba ya kumbukumbu na nakala yenye muhuri.

Mama mmoja aliniuliza mwishoni kama asimwachie mjukuu wake kazi yote hii, kwa kuwa macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Nilimwambia amwachie kusoma na kujumlisha, lakini simu ibaki mkononi mwake mwenyewe, na ile namba ya siri ya mara moja isisomwe kwa sauti hata kwa mjukuu.

Imebaki meseji moja ya Mama Rehema. Tarehe 31 Machi, saa tatu usiku, aliingiziwa shilingi 120,000, salio 1,031,000. Taarifa ya Machi inaishia 911,000, na mstari wa 120,000 haumo. Aandike kiasi hicho juu kabisa ya ukurasa wa Aprili kwenye daftari, kisha aangalie zile siku tatu za nyongeza alizoomba: ukiwa umeingia tarehe 1, auwekee alama ya vema, ukiwa haujaonekana mpaka tarehe 3, aje nao mezani kwangu.